Barua kwa mwanangu: Baba mdogo kwa Kiingereza

"Baba, shikamoo. Nilimwandikia msimamizi wangu wasap: 'Kaka, nimefiwa, baba mdogo ametutoka, naomba ruhusa niende nyumbani.' Ni mtu wa Mombasa, kaelewa, ila anasema ofisini wanataka barua ya Kiingereza rasmi. Mwenzangu wa chumbani kaniandikia vizuri sana, lakini kaweka 'baba' tu, hakuna 'mdogo'. Anasema ndivyo watanipa. Niipeleke hivyo?"

Mwanangu,

Marahaba. Hiyo barua uliyonirushia nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, Mungu anisamehe, maana si kila siku mtu anasoma habari za kifo chake huku kashika kikombe cha chai. Mara ya pili sikucheka. Nilikumbuka Maskati.

Habari ya Maskati mnaijua nusu. Mnajua sikumzika bibi yenu. Kwa nini sikumzika, hilo nililimeza.

Mwaka 1994 alifariki mama mkubwa, yule wa Pangani aliyenilea tangu naacha ziwa. Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabia magunia ya stoo, basi nikamwendea karani. Nikamwambia mama mkubwa kafa. Akaniuliza, ni mama? Nikasema ndiyo, ni mama. Nilikuwa nasema kweli! Akapiga taipu, nikatia sahihi, nikapewa siku saba na pole juu. Nilimwona karani yule mtu wa maana sana.

Mwaka 1998 bibi yako akafa. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Nikaingia ofisini nalia, bwana mkubwa akavuta faili. Ile karatasi ilikuwa na alama ya kutu pale pini ilipokaa. Akapiga mstari wa kalamu nyekundu chini ya neno moja, akaigeuza upande wangu. "Mama yako alikwisha kufa," akasema, wala hakupandisha sauti. Nikaeleza mkubwa na mdogo, nikaeleza ziwa na malezi. Akaniuliza nina mama wangapi, na wale wawili waliokuwa mle ndani wakacheka. Mpaka faksi ya uthibitisho itoke Tanga, siku tisa zilikuwa zimepita. Nilifika kaburi limeshapandwa mche. Karatasi haisahau, mwanangu. Mtu aliyeipokea anaweza kuhama kazi, akafa hata yeye, karatasi ikabaki palepale.

Sasa njoo kwako. Kaka yako wa Sharja alinisomea kwa simu sheria ya kazi ya Imarati, ile ya mwaka 2021. Anayefiwa na mume au mke ana siku 5 za malipo. Anayefiwa na mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo, babu, bibi au mjukuu ana siku 3. Baba mdogo hayumo. Hapo ndipo mwenzako alipoona kichochoro. Lakini siku hizo zinahesabiwa tangu siku ya kifo, si siku unayopanda ndege. Marehemu katutoka Alhamisi. Hata ningekuwa mimi, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, zimekwisha. Leo Jumatatu. Mwenzako kaniua bure.

Na wakikudai cheti cha kifo? Pasipoti yako ina jina lako, langu, na la babu yako. Cheti cha marehemu kitaanza na jina lake, ndipo lifuate la babu. Karani yeyote akiviweka viwili hivyo mezani ataona kwamba jina lako la pili halimo. Sheria hiyohiyo inamruhusu mwajiri kumfukuza bila notisi mtu aliyeleta hati ya kughushi. Barua yako si hati ya kughushi, najua, lakini ukishasema baba utatafutiwa cheti cha baba, na hapo ndipo watu huanza kutafuta wino.

Halafu kuna neno jingine ambalo hukuliuliza. Kaandika unakuja kwenye mazishi. Mazishi yalikuwa Ijumaa baada ya sala, na hitma tumesoma jana. Kiingereza chake kina neno la kuzika tu, hakina matanga, hakina mkeka wa kukaa na mfiwa. Ofisi itauliza, kama kazikwa Ijumaa, huyu anakwenda kuzika nini wiki ijayo? Waambie wazi kwamba kazikwa, na kwamba unakwenda kukaa na mjane na watoto wake. Watu wa huko eda wanaijua vizuri, miezi minne na siku kumi, hilo hawatalishangaa.

Ingekuwa mimi, ningeomba likizo ya mwaka. Una miaka miwili hapo, kwa hiyo una siku 30 kwa mwaka. Idi ulitumia 12, zimebaki 18. Omba 10, maana ndege mpaka Dar ni asubuhi moja lakini basi la Tanga litakula siku nzima, kwenda na kurudi. Ubaya wake ni kwamba tarehe za likizo mwajiri ana kauli nazo, anaweza kusema subiri. Akisema subiri, usipande ndege kwa hasira. Zikipita siku 7 mfululizo bila sababu waliyoikubali wanaweza kukuachisha kazi bila notisi.

Andika sentensi fupifupi kwa Kiswahili kwanza, ndipo mwenzako azigeuze moja moja asipate pa kuongeza manukato. Hivi: "Mdogo wake baba yangu, aliyenisomesha sekondari, amefariki Alhamisi huko Tanga, Tanzania. Amekwisha kuzikwa. Ninaomba siku 10 za likizo yangu ya mwaka, kuanzia tarehe fulani, nikakae na familia yake. Nitarudi kazini tarehe fulani. Zamu zangu fulani amekubali kuzishika." Basi. Shikamoo na samahani za kwenye wasap ziache kwa yule Mmombasa, ndiye anayezielewa. Na huyo wa zamu mwulize kabla hujamwandika.

Najua utakachosema. Utasema baba mdogo ni baba, na mimi ndiye niliyekufundisha. Kweli. Nilipokwama ada ya kidato cha tatu, ni yeye aliyeuza ile mashine ya boti, na hakunidai mpaka anaingia kaburini. Mtu huyo ukimwita anko, kama wanavyosema wao, unamfanya jirani. Usiku nimelala nawaza, labda mwenzako ndiye aliyetafsiri sawasawa na mimi ndiye ninayemshusha ndugu yangu cheo kwa kuogopa faili. Karani wa Maskati naye hakusema uongo. Siku zote namlaumu, na kila nikimlaumu nakumbuka kwamba ile 'ndiyo' niliitoa mimi. Lakini karatasi haisahau, na mimi bado nipo, na siku yangu ikifika nataka uje.

Niipeleke au nisiipeleke, hilo sikujibu. Ulimi unaniwasha, lakini jina litakalotiwa chini pale ni lako, na mkate ni wako. Nikikuamulia mimi, mambo yakienda upogo utakuwa na mtu wa kumlaumu, na kazi hiyo naijua inavyochosha.

Mama yako mdogo kauliza jana tena kama unakuja. Nimemwambia unaandika barua. Akauliza, barua gani ya siku tatu? Sikuwa na la kumjibu, nikaenda kuchota maji ya wudhu.

Baba yako