Dhahabu imepanda, mbona yangu imeshuka?

"Nilinunua Januari 2024. Habari zinasema dhahabu imepanda, mbona mimi nimepoteza? Niiweke kwenye akiba ya uzeeni?"

Salama ndugu. Kwanza angalia dola ilikuwa shilingi ngapi siku uliyonunua. Mwisho wa Januari 2024 aunsi ilikuwa kama dola 2,040 na dola ilikuwa shilingi za Kenya 160 hivi, yaani karibu 326,000. Mwisho wa Juni mwaka huo aunsi ilikaribia dola 2,330, lakini dola ilikuwa imeshuka hadi kama 129.50. Hiyo ni 302,000 hivi. Dhahabu ilipanda, shilingi ikaimarika zaidi. Mimi pia yalinikuta.

Huko duniani, riba ya Marekani ndiyo ya kufuatilia sana. Dhahabu hailipi riba, kwa hiyo hatifungani zikilipa vizuri kuliko mfumuko wa bei, watu huiacha.

Kwenye akiba yangu naiweka asilimia 5, kama kinga shilingi ikianguka. Zilizobaki zinakaa kwenye vitu vinavyolipa riba au gawio. Vito usinunue kama akiba: nilipouza bangili, sonara aliiweka kwenye mizani akalipia uzito tu, pesa niliyolipia ufundi ikapotea. Sasa natumia NewGold, mfuko unaofuata bei ya dhahabu na kuuzwa kama hisa kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Wanunuzi na wauzaji ni wachache, kwa hiyo ukiagiza, taja bei yako.