Miaka 38 au 37: barua kwa mwanangu

"Mama, nimeona status uliyoweka ya wewe na baba. Umeandika mmetimiza miaka 38, lakini si mlioana 12 Mei na mwaka huu ingekuwa 37? Watu wananiuliza kama uko sawa. Na tarehe 12 ukiweka nyingine, si uandike 'tungetimiza'?"

Mwanangu, marahaba, na wajukuu nimeambiwa hawajambo alhamdulillah.

Mimi niko sawa. Waambie hao wanaouliza kwamba ile miaka 38 ni ya baba yako.

Unaikumbuka kalenda ya msikiti pale ukutani jikoni, ile yenye tarehe mbili, kubwa ya kizungu na ndogo ya Kiislamu pembeni? Baba yako alikuwa haangalii ile kubwa kabisa. Mimi mwalimu, mwezi wangu ni wa mshahara na wa kufunga shule, kwa hiyo kwangu tulioana Ijumaa ya 12 Mei 1989 basi. Yeye anakwambia tulioana siku ya sita ya Mfungo Mosi 1409, Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, na hiyo ndo siku yake. Sasa mwaka wa mwezi una siku 354, ukizidi 355, unapungukiwa na huu mwingine siku kama 11, kwa hiyo siku yake ilikuwa inanikimbia kila mwaka. 89 zilikuwa siku moja. Mwaka uliofuata yeye ananiletea halua mwanzoni kabisa mwa mwezi wa tano, kile kipande kimefungwa kwenye karatasi unakijua, mimi namshonesha shati tarehe 12. Nyie mkiwa wadogo halua ilikuwa inakuja mpaka mwezi wa kumi na mbili, mkadhani ni ya likizo.

Na zile 11 zikijikusanya miaka 33 zinakuwa mwaka mzima. Ndo maana yake akihesabu anapata mmoja zaidi yangu. Alikuwa anapenda sana kuniambia, "Wewe umeishi na mimi mwaka mmoja pungufu, huo mwingine nimeishi peke yangu." Nilikuwa nakasirika, nasema jambo la watu wawili linahesabiwa na watu wawili. Na bado nasema hivohivo.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia, na naomba usijilaumu maana hukuwa na kosa lolote. Mwaka 2022 tarehe zetu zilirudi zikakaribiana. Idi ilikuwa tarehe 3 Mei, siku yake ya sita ikaangukia Jumapili tarehe 8, na yangu Alhamisi tarehe 12. Siku nne tu, tangu 89 hazijawahi kuwa hivo. Alikuwa ameshaniambia miaka kabla, subiri 2022, tutakula halua yangu na utanipa shati lako wiki moja. Wiki hiyo mimi niko kwako Dar, wewe umetoka kupasuliwa, kidonda kibichi, mtoto hashiki titi. Ile Jumapili jioni akapiga. Akasema, "Mama Zuhura, leo ndo leo, nikusubiri Alhamisi?" Mimi mtoto yuko mikononi analia, nikamwambia nitakupigia, nikakata. Sikupiga. Sikupiga ile jioni wala Alhamisi, nilipiga Ijumaa kuuliza kama luku ipo.

Niliporudi Tanga mwisho wa mwezi nikafungua kabati la vyombo nikaikuta halua, haijafunguliwa, imekauka, mafuta yameingia kwenye karatasi yote. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema, nikaitupa. Angenigombeza ningejua pa kuanzia kuomba radhi. Mara nyingine zinakuja kukaribiana hivo ni 2054, nilimsikia anamwambia mjomba wako, akacheka, afu akanyamaza.

Kwa hiyo mwaka huu, Mfungo Mosi ulipoingia, mwezi wa tatu ule, nikasema hii ya kwanza bila yeye nitaihesabu kwake. Nimekaa na simu toka alfajiri mpaka saa nne. Picha sikuhangaika, nilichukua ileile ya siku aliyoingia ndani kunipa mkono, kwa sababu nyuma kaandika mwenyewe kwa biki "Mfungo Mosi 1409", nimeigundua tulipokuwa tunatafuta cheti cha ndoa cha kupeleka mahakamani kwa ajili ya mirathi. Maneno ndo yaliyonitesa. Mwanzo niliandika "tungetimiza", nikafuta. Nikaandika "ilikuwa siku kama ya leo", hiyo nayo nikaona kama namsimulia mtu wa mbali. Mwisho nikaandika hivi:

"Tumetimiza miaka 38 leo, Mfungo Mosi 1409 mpaka Mfungo Mosi 1447. Wewe umetangulia, hesabu naendelea nayo mimi. Mola akulaze pema."

Shangazi yako kanipigia kabla ya adhuhuri. Anasema kama wewe, andika "tungetimiza", kifo kimekata. Najua kifo kimekata. Nimekaa eda miezi minne na siku kumi, kafariki Mfungo Sita nimetoka mwishoni mwa Rajabu, sijapaka manukato wala wanja, sijavaa dhahabu, na nilizihesabu hizo siku kwa mwezi, kwa kalenda yake, maana eda haihesabiwi kwa kalenda ya mshahara. Lakini mirathi ilipogawanywa, mimi nimepewa thumuni yangu, moja ya nane kwa sababu nyie watoto mpo, na kwenye karatasi nimeandikwa mke. Sasa kama mgao wameniandika mke, "tumetimiza" imekosea wapi?

Afu najijibu mwenyewe. Eda ikiisha mwanamke anaruhusiwa kuolewa, maana yake ndoa ilishaisha, na miaka haiwezi kutimizwa na mtu aliye kaburini. Kwa hesabu ya haki kabisa tumeishi pamoja mpaka ile alfajiri ya Mfungo Sita, na baada ya hapo ni mimi. Shangazi yako ana hoja. Wewe pia una hoja, nimekusomesha Kiswahili mwenyewe, najua "nge" inakaa wapi, inakaa kwenye jambo ambalo halikuwa. Ndo inayonishinda kuiandika hapo. Yalikuwa. Mimi nilikuwepo.

Ile status imeshapotea, saa 24 zimepita zamani, hakuna cha kurekebisha. Kuhusu tarehe 12 Mei unaniuliza nitaandika nini. Nikiweka 37 itakuwa narudi kwenye hesabu yangu, na yeye kwangu alishakubali kila mwaka, hajawahi hata mara moja kulikataa shati kwa kusema siku siyo. Nikinyamaza itakuwa kama ile Alhamisi ya 2022. Nina jibu karibu na ulimi, ila ngoja nisiliseme, kwa sababu nikilisema leo utaniuliza tarehe 11 kama bado liko palepale.

Mwezi wa sita huu unaingia 1448. Ukija na watoto pitia pale msikitini kwenu uniletee kalenda mpya, yenye tarehe mbili. Hii ya jikoni inakaribia kuisha na misumari iko palepale.

Mama yako