PaCO2 ya 40 si ya kawaida kwa mgonjwa huyu

*"Swali la mtihani: mgonjwa wa kisukari, pH 7.10, PaCO2 40, HCO3 12. Nilichagua asidosisi ya kimetaboliki isiyofidiwa kwa sababu PaCO2 ni ya kawaida. Jibu lao ni mchanganyiko wa asidosisi mbili. Hiyo ya pili imetoka wapi?"*

Ndugu, hiyo ya pili imejificha ndani ya hiyo 40. Mimi nami niliikosa kwenye mtihani kwa sababu ileile. Nilichukua kila namba peke yake, nikaona 40 ipo kati ya 35 na 45, nikaiacha. Lakini kiwango hicho ni cha mtu ambaye bikaboneti yake iko kwenye 24. Bikaboneti ikishafika 12, cha kujiuliza ni mapafu yalitakiwa kuishusha kabonidioksaidi hadi wapi.

Mwanzo wako ulikuwa sawa. pH iko chini, bikaboneti iko chini, kwa hiyo tatizo la kwanza ni la kimetaboliki. Ulipoishia ndipo inapoingia kanuni ya Winters:

```
PaCO2 inayotarajiwa = (1.5 × HCO3) + 8, ± 2
```

Mara 1.5 ya 12 ni 18, jumlisha 8 unapata 26. Mapafu mazima yangemfikisha kati ya 24 na 28. Yeye ana 40. Kabonidioksaidi iliyozidi hapo ni asidi ambayo haikutolewa, na hiyo ndiyo asidosisi ya upumuaji. Uzito wake unauona kwenye pH: kwa bikaboneti hiyohiyo ya 12, PaCO2 ya 26 ingempa pH ya karibu 7.28. Tofauti yote kati ya 7.28 na 7.10 imeletwa na mapafu.

Utauliza, kwa nini isiitwe tu "isiyofidiwa"? Kwa sababu fidia ya mapafu haingoji. Figo huchukua siku kadhaa kufidia tatizo la upumuaji, lakini pumzi huanza kuongezeka ndani ya dakika, na fidia hukamilika ndani ya saa 12 hadi 24. Asidosisi ya ketoni huchukua saa nyingi kujijenga, kwa hiyo muda alikuwa nao. Kama PaCO2 haijashuka, kuna kinachoizuia: misuli ya kupumua imechoka, potasiamu imeshuka sana, kuna nimonia kali, au fahamu zimepungua.

Nilikuja kuliona hilo kwa macho nikiwa mafunzoni wodini. Msichana mwenye kisukari aliingia jioni akipumua mara 36 kwa dakika, pumzi ndefu za kina, mabega yakipanda na kushuka. Gesi za damu: pH 7.28, PaCO2 24, HCO3 11. Usiku pumzi zikashuka hadi 16, akatulia, na sisi tuliokuwa zamu tukafurahi kwamba amepata nafuu. Tulipopima tena, bikaboneti ilikuwa ileile 11, PaCO2 imepanda hadi 38, pH 7.08. Hakuwa amepata nafuu, alikuwa amechoka kupumua. Alihamishiwa chumba cha uangalizi maalumu usiku uleule. Ukimtazama PaCO2 peke yake, ile ya jioni ndiyo ingekutisha na ile ya usiku ingekuridhisha, kumbe hatari ilikuwa kwenye ya pili.

Ndiyo maana naona jibu la mtihani wako ni sahihi kabisa. Ila angalia machaguo. Ipo mitihani inayofundisha mpangilio wa "isiyofidiwa, iliyofidiwa nusu, iliyofidiwa yote" bila kuhesabu chochote, na humo hutakuta neno mchanganyiko. Hapo utachagua ulichochagua. Chaguo la mchanganyiko likiwepo, piga hesabu kwanza.

Mambo mawili ya kuchunga. Kanuni hii ni ya tatizo la kwanza kuwa asidosisi ya kimetaboliki tu; usiipeleke kwenye alkalosisi wala kwa mgonjwa ambaye tatizo lake lilianzia kwenye mapafu. Na inataka mmHg. Ukipewa kPa, zidisha kwa 7.5 kabla ya kulinganisha.

Halafu jaribu upande wa pili, kwa sababu watunga maswali wanaupenda: HCO3 ileile 12, PaCO2 18, pH 7.44. Wengi huandika "imefidiwa yote" kwa kuwa pH imerudi mahali pake. Lakini tulitarajia 26, na kwenye asidosisi ya kimetaboliki ya kiwango hiki fidia peke yake hairudishi pH hadi katikati ya kawaida. Kuna kitu kingine kinachomsukuma kupumua kupita mahitaji, yaani alkalosisi ya upumuaji juu ya asidosisi ya kimetaboliki. Ukikuta sura hiyo kwa mtu mzima anayelalamika masikio yanavuma, fikiria sumu ya aspirini.