Ujahiliya Usiukariri, Anza na Deni la Al-Aas bin Wail

Juzi kijana wa kidato cha tano kaniandikia: "Ustadhi, mada ya Bara Arabu kabla ya Uislamu ina vichwa vingi: ukabila, biashara, mashairi, masanamu. Nakariri vyote, nikiingia mtihanini vinachanganyika. Wewe ulifanyaje?"

Mimi nilishika kisa kimoja tu. Mwalimu wangu wa wakati ule hakupenda. Alisoma jibu langu mbele ya darasa kwa kejeli, akasema nimeulizwa hali ya jamii nikaleta ngano. Mpaka leo linaniuma, sifichi. Lakini matokeo yalipotoka, hakuna somo nililofaulu kuliko hilo, na wanafunzi wangu nawafundisha vivyo hivyo.

Kisa ni hiki. Takriban mwaka 590, Mtume Muhammad (s.a.w.) akiwa kijana wa miaka kama 20, mfanyabiashara wa kabila la Zubaid aliingia Makka na bidhaa kutoka Yemen. Al-Aas bin Wail, mkubwa wa ukoo wa Banu Sahm, akazinunua, kisha akagoma kulipa.

Jiulize: mgeni huyu aende wapi? Makka haikuwa na mfalme, mahakama wala askari. Mtu alilindwa na ukoo wake. Akiguswa yeye wameguswa wote, na hofu ya kisasi ndiyo iliyowazuia watu mikono. Watu wa Mzubaidi walikuwa mbali kusini. Akaziendea koo zenye mkataba wa kusaidiana na Banu Sahm, zikiwemo Makhzum na Abd ad-Dar. Zikamfukuza. Kwao haikuwa hoja kwamba Al-Aas kadhulumu. Hoja ni kwamba Al-Aas ni mwenzao. Ukieleza hapo tu, ukabila umeshaueleza.

Kilichombakia ni ulimi. Jua linachomoza, wakubwa wa Kikuraishi wamekaa vikao vyao pembeni mwa Al-Kaaba, yeye akapanda mlima wa Abu Qubais ulio juu yao, akanadi kwa beti. Aliwaita kizazi cha Fihri, babu yao, wamwangalie aliyeporwa mali ndani ya bonde la Makka, yuko mbali na kwao, nywele timutimu, bado yumo kwenye ihramu na umra hajaimaliza. Akawaambia utukufu ni wa mwenye kutimiza wema, si wa nguo ya mwovu msaliti.

Usipite haraka hapa. Makka ni bonde la mawe, halilimiki. Makuraishi waliishi kwa safari mbili zinazotajwa katika Sura Quraish, ya kusi na ya kaskazi kwa lugha yetu ya pwani, maana wao walikwenda Yemen wakati wa baridi na Shamu wakati wa joto. Misafara ilikatiza ardhi za makabila mengine kwa ahadi za usalama, ambazo wapokezi wanamnasibishia Hashim, baba yake Abdul-Muttalib. Beti nzuri ya kashfa ilihifadhiwa vichwani, ikasafiri na ngamia, ikasomwa hadi soko la Ukadh. Nani angeleta tena mzigo kwa watu waliokwisha kuimbwa kuwa ni wezi wa mahujaji?

Az-Zubair bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume, akainuka. Banu Hashim, al-Muttalib, Asad, Zuhra na Taim wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kwa jina la Allah kuwa pamoja na mdhulumiwa mpaka apewe haki yake. Huo ndio mkataba wa Hilful-Fudhul. Wakamwendea Al-Aas, mali ikarudi. (Makhzum na Abd Shams, matajiri wa misafara, hawakuwamo. Watafiti wengine wanasema Wayemeni wakikimbia soko, wao ndio wangefaidika. Mimi naafiki.)

Na dini unaiona humo humo: ihramu, umra, kiapo kwa Allah, katika mji ambao Al-Kaaba yake imejaa masanamu. Wapokezi wanautia mkataba huo katika Dhul-Qaada, mmoja wa miezi minne mitukufu ambayo vita vilisimama, ndipo masoko na hija vikawezekana.

Kwa hiyo nyinyi mnaoandika "Waarabu walikuwa washenzi" mkaweka nukta, acheni. Mtume mwenyewe alihudhuria kiapo kile, na baada ya utume alisema asingekibadilisha kwa ngamia wekundu, na angeitwa kwacho katika Uislamu angeitika. Andikeni kilichokuwepo, kizuri na kibaya, na mseme kila kimoja kilisimama juu ya nini.

Mkiulizwa mkataba ulikomea wapi, mfuateni Al-Aas huyo huyo miaka ya baadaye. Khabbab bin al-Aratt, mfua chuma wa Makka asiye na ukoo mle, alimdai malipo ya kazi yake. Al-Aas akamjibu hamlipi mpaka amkane Muhammad. Khabbab akasema hatamkana hata Al-Aas afe kisha afufuliwe. Basi nikifufuliwa nitakuwa na mali na watoto, nitakulipa huko, akasema Al-Aas. Aya zilizomjibu zimo Sura Maryam, aya ya 77 hadi 80.