Mtoto anakohoa kama anabweka usiku: mvuke haufungui koo

*Daktari salaam aleikum. Mwanangu ana mwaka na miezi 8, kilo 11. Alikuwa na mafua siku mbili, jana saa saba usiku akaamka anakohoa kama mbwa anabweka na akivuta pumzi koo linakwaruza kwa sauti. Nyanyake asema nimfunike shuka nimfukize na mkaratusi. Asubuhi kaamka anacheza. Usiku wa leo nimfukize ama nimpeleke hospitali? Mama, Mtongwe.*

Waaleikum salaam mamangu, pole kwa kukesha. Usimfukize, na mpeleke akaonwe leo mchana hata kama anacheza, manake ulivyoeleza inafanana sana na krupu na hiyo kawaida yake mchana inatulia halafu usiku inarudi, na usiku wa pili waweza kuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Krupu inaletwa na virusi vya mafua, hasa parainfluwenza, na inashika zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 3. Koo linavimba chini kidogo ya pale sauti inapotokea. Mtoto njia yake ni nyembamba, tuseme ina upana wa milimita 4, sasa ukuta ukivimba milimita 1 tu pande zote nafasi ya kupita hewa inabaki robo. Ndio maana anakwaruza akivuta pumzi ndani, na akilia anavuta kwa nguvu koo linazidi kubana.

Sasa huo mvuke. Uvimbe uko ndani ya nyama ya koo, mvuke haufiki kuupunguza, na watoto wenye krupu waliopewa hewa yenye unyevu hospitalini hawakupata nafuu zaidi ya wenzao. Nyanyake hasemi uongo kwamba ameona watoto wakitulia, lakini krupu yenyewe hupanda na kushuka ndani ya saa moja, na mtoto akipakatwa akaacha kulia koo linapumua. Ninachoogopa mimi ni ile sufuria, mtoto aliyefunikwa shuka anarusha mguu mara moja maji yote yako mapajani. Na viksi pia usimpake, hajafika miaka 2.

Mtasikia pia habari ya kumtoa nje apigwe na baridi. Hiyo ina ukweli wake, kuna utafiti wa Jeneva uliotoka 2023 na watoto wenye krupu isiyo kali walipata nafuu wakikaa nje nusu saa, lakini baridi yenyewe ilikuwa chini ya digrii 10, sasa Mombasa utaitoa wapi hiyo? Kumbeba barazani si vibaya ikiwa kunamtuliza, basi.

Dawa inayosaidia ni deksamethasoni, dozi moja ya kumeza, miligramu 0.15 hadi 0.6 kwa kila kilo, kwa hivyo huyu wa kilo 11 ni kati ya 1.65 na 6.6 na daktari ndiye anachagua baada ya kumpima, usiende kununua kwa kukisia. Inashusha uvimbe ndani ya saa chache. Antibayotiki haziui virusi, usidai uandikiwe.

Usiku mkalishe wima mapajani, mpe maji kidogo kidogo, kisha mfunue kifua umtazame akiwa ametulia. Kukwaruza akilia peke yake bado ni afadhali. Lakini akikwaruza hata akiwa katulia, ama mbavu na pale chini ya shingo panabonyea kila akivuta, hapo ni kuondoka saa hiyo hiyo, na ukiwa Mtongwe nenda hospitali iliyo karibu upande wenu wenyewe usianze kungojea feri. Vilevile ukiona midomo au ulimi unageuka buluu, anashindwa kunywa, udende unamtoka hawezi kumeza, homa kali na amelegea, au shingo kama imevimba. Na jambo linalowapoteza wazazi wengi: sauti ikipungua huku mtoto amechoka, anasinzia na mbavu bado zinabonyea, hajapona huyo, nguvu za kuvuta hewa zinamuishia. Usimtie kijiko mdomoni umtazame koo, waweza kuliziba kabisa.

Akifika hivyo atapewa oksijeni na adrenalini ya kuvuta kwa mashine, inafungua koo kwa dakika chache lakini nguvu yake huisha kama baada ya saa 2, kwa hivyo wakikwambia ukae saa kadhaa wamwangalie, kaa, hata kama amechangamka anataka kwenda nyumbani.

Kitu kimoja nijibu leo hii: kabla ya kuanza jana alikuwa anachezea shanga au kula njugu? Kama alipaliwa ghafla ndipo sauti ikaanza, waambie hilo kwanza ukifika, manake kitu kilichokwama kooni hakitoki kwa deksamethasoni.