Maswali na majibu: udongo wa chungu, udongo wa tofali

Mwalimu, naomba mada ya mradi wa jiolojia kuhusu miamba na udongo. Nawasilisha Ijumaa.

Mnaniuliza hili kila muhula. "Miamba na udongo wa Tanzania" si mada, ni kabati zima la vitabu. Nenda wanapochimba udongo karibu na kwenu, uliza kwa nini wanachimba hapo na si hatua hamsini mbele. Na usiingie chini ya ukingo uliochimbwa kwa ndani. Huporomoka bila kuonya.

Kwetu wafinyanzi huchimba bondeni, wachoma tofali huchukua udongo wa kichuguu. Nitaonyeshaje tofauti?

Wewe umetembea. Chukua udongo shimoni, si kwenye lundo la mfinyanzi, maana huenda ameshachanganya mchanga au vigae vilivyotwangwa. Jaza theluthi ya chupa iliyonyooka, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache. Mchanga hutua ndani ya dakika moja au mbili, vumbi laini hufuata kwa saa kadhaa, na udongo wa mfinyanzi huendelea kutua hata kesho yake. Pima kila tabaka kwa rula.

Wengi huishia hapo, na chupa haikuonyeshi udongo upi utapasuka ukikauka. Kanda kila udongo, tengeneza vipande vya sentimita 14, chora juu yake mstari wa sentimita 10, kausha kivulini huku ukivigeuza. Mstari ukibaki 9.2, udongo umesinyaa asilimia 8. Rudia kwa kopo moja la mchanga kwa matatu ya udongo, ukipata 9.5, mchanga umepunguza kusinyaa hadi asilimia 5, na sasa unaona kwa nini mfinyanzi hutia vigae. Kosa kubwa ni maji: aliyemwaga mengi hupima maji yake, si udongo. Kanda vyote hadi viwe na ulaini uleule, na tengeneza vipande vitatu vya kila mchanganyiko, kwani kimoja hudanganya.

Udongo mweusi wa mbuga unafaa tofali?

Peke yake, hapana. Huvimba masika, hupasuka kiangazi, na nyumba yako itafuata.

Vyungu vya shangazi hubanduka vijipande siku chache baada ya kuchomwa, na kila palipobanduka pana doa jeupe. Tuvichome zaidi?

Msithubutu. Hilo doa ni chembe ya mawe ya chokaa. Motoni iligeuka chokaa isiyozimwa, sasa inanyonya unyevu wa hewa, inavimba na kusukuma ukuta wa chungu. Moto mkali zaidi wa kuni utageuza chembe nyingi zaidi, na hautafikia joto la kuziyeyusha ziungane na udongo. Kamulia ndimu kwenye udongo mbichi uliokauka: ukitoa mapovu, chokaa ipo. Loweka, chuja kwa kitambaa chembamba, kwa kuwa chembe kubwa ndizo zinazobandua. Chokaa iliyo unga haina madhara hayo. Kama mapovu ni mengi mno, shangazi ahamie shimo lingine, nawe umepata mradi: pima mashimo yote mawili.