Kadi za Bingo za Mtaa: Changanya Namba, Usizibahatishe

Kwa sherehe ya mtaa wetu wa Walukuba, Jinja, mimi ndiye ninayeombwa kutayarisha kadi za bingo, na safari iliyopita zilihitajika kadi 120. Wengi hudhani kwamba shida kubwa ni kadi mbili kufanana. Kwa maoni yangu hilo ni jambo dogo. Shida kubwa imo ndani ya kadi yenyewe.

Kadi ya mchezo wa namba 75 ina safu tano: B ya namba 1 hadi 15, I ya 16 hadi 30, N ya 31 hadi 45, G ya 46 hadi 60 na O ya 61 hadi 75. Kila safu hubeba namba tano, isipokuwa N, ambayo hubeba nne kwa kuwa kisanduku cha katikati huachwa huru. Namba hairuhusiwi kujirudia ndani ya safu, na hapo ndipo watu hukwama, kwa sababu wengi huandika `RANDBETWEEN(1,15)` katika kila seli ya lahajedwali bila kuzingatia kwamba kila seli hujichagulia namba pasipo kujua jirani yake amepata ipi. Uwezekano wa namba tano za safu moja kutojirudia kwa njia hiyo haufiki hata nusu, na ukizihesabu safu zote tano pamoja, kadi zilizo sahihi huwa kama 3 tu katika kila 100. Kati ya kadi 120, zinazofaa zingekuwa nne hivi. Kuzirekebisha kwa mkono hakusaidii, kwani kila ukiandika kitu kwenye seli, fomula zote hutoa namba mpya, na kadi uliyokwisha kuikagua huharibika upya.

Dawa yake ni kuchanganya namba zote 15 za safu kama karata, kisha kuchukua tano za mwanzo. Fungua ukurasa uitwao Nasibu, ujaze `=RAND()` katika safuwima 75, kuanzia A hadi BW, mstari mmoja kwa kila kadi, ukianzia mstari wa 2. Katika ukurasa wa pili, namba ya kwanza ya B na ya kwanza ya I huandikwa hivi:

```
=RANK(Nasibu!A2,Nasibu!$A2:$O2)
=15+RANK(Nasibu!P2,Nasibu!$P2:$AD2)
```

Kila moja uivute kulia hadi ifikie seli tano, kisha chini hadi mstari wa kadi ya mwisho. Fomula huuliza desimali hii ni ya ngapi kwa ukubwa miongoni mwa wenzake 15, na kwa kuwa desimali mbili hazishiki nafasi moja, namba haijirudii. Kwa mfano, kadi ikipata nafasi za 6, 2, 13, 9 na 10 katika safu ya I, namba zake zitakuwa 21, 17, 28, 24 na 25. N hutumia AE hadi AS na kuongeza 30, G hutumia AT hadi BH na kuongeza 45, O hutumia BI hadi BW na kuongeza 60. Katika N, chukua tano kama kawaida, kisha uiache ya tatu wakati wa kuchapa.

Kabla ya kuchapa chochote, nakili ukurasa wote wa kadi na uubandike kwa `Paste Special`, `Values`, ili fomula ziondoke na zibaki namba tupu. Bila hatua hii, orodha iliyo kwenye kompyuta haitalingana na karatasi walizoshika watu.

Sasa ndipo unapotazama kama kuna kadi pacha. Michanganyo inayowezekana, hata bila kujali mpangilio wa namba ndani ya safu, inapita milioni bilioni mia moja, kwa hiyo pacha akionekana, chanzo karibu kila mara ni mstari ulionakiliwa mara mbili. Panga namba za kila safu kwa `SMALL`, ziunganishe zote 24 kwa kistari katikati, kisha uzihesabu kwa `COUNTIF`. Kupanga ni lazima, kwa sababu kadi mbili zenye namba zilezile katika mpangilio tofauti hujaa kwa wakati mmoja. Kistari nacho ni lazima: bila hicho, Excel huichukua tarakimu ndefu kama namba, huishia kwenye tarakimu 15 za mwanzo, na huweza kukuambia kadi zinafanana ilhali hazifanani.

Kila kadi uipe namba yake ya usajili, ichapwe pembeni kwa herufi zinazosomeka. Kadi nne kwa karatasi ya A4 zinatosha, yaani karatasi 30 kwa kadi 120. Mtu akipaza sauti kwamba ameshinda, msimamizi huitafuta namba hiyo kwenye orodha na kulinganisha mstari wake na namba zilizokwisha kuitwa, bila kutegemea alama za kalamu zilizo kwenye kadi.